Barua ya Maombi ya Kazi: Kurasa Mbili Ziwe Mmoja

Mwombaji wa nafasi ya Mtendaji wa Kijiji aliandika kurasa mbili. Wa kwanza ulisimulia kuzaliwa, shule na mitihani, mambo yaliyomo tayari kwenye wasifu na vyeti alivyoambatisha, akaufuta wote. Aya ya “mchapakazi, mwaminifu” nayo ikaondoka, maana kila mwombaji huiandika. Hazina ilikuwa imejificha karibu na saini: alipojitolea katika ofisi ya kata, alipanga upya rejesta ya wakazi ya kaya 412. Kwa kuwa tangazo lilitaka mtunza kumbukumbu za kijiji, sentensi hiyo ikapanda juu, mara baada ya kutaja nafasi inayoombwa. Mistari minne ilipozidi, hakupunguza ukubwa wa herufi. Alikata habari za ukapteni wa timu.