Mkato au Mchubuko Mdogo: Maji na Sabuni Kwanza, Dawa ya Chupa Baadaye

Katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, mtu akijikata au akianguka, kinachotafutwa kwanza ni chupa ya Dettol au ya spiriti. Dawa humwagwa moja kwa moja juu ya jeraha, mtu huuma meno, na kuwashwa huko huchukuliwa kuwa ishara kwamba viini vinakufa. Lakini kuwashwa si kipimo cha usafi. Kinachosafisha jeraha dogo ni maji yanayotiririka.

Sababu ni hii: viini hukaa kwenye udongo, mchanga na damu iliyoganda. Dawa ya kuua viini ikikutana na uchafu huo hupoteza nguvu kabla ya kuvifikia vilivyo chini. Pia dawa kali haichagui. Isipochanganywa na maji huunguza hata chembe changa za ngozi zinazojaribu kuziba jeraha, na kidonda huchelewa kupona. Maji hufanya kazi kwa njia nyingine: huubeba uchafu na kuondoka nao, viini vikiwa ndani yake.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minane huko Nyatike aliyeteleza kwenye barabara ya changarawe na kuchubuka goti. Damu ni kidogo, lakini punje za mchanga zimeingia kwenye ngozi. Anayemhudumia anawe mikono kwanza kwa sabuni. Kisha achukue jagi la maji safi, lita moja au mbili, na kuyamimina polepole juu ya goti kwa dakika tano hivi. Sabuni ya kawaida, hata kipande cha kufulia, itumike kuosha ngozi inayozunguka mchubuko, kisha povu lisuuzwe lote. Punje zilizokwama zitolewe kwa kitambaa safi kilicholoa au kibano kilichochemshwa, kwa sababu punje inayobaki ndani huleta usaha na huacha doa la kudumu. Mwisho, goti likaushwe kwa kugusagusa na kufunikwa kwa plasta au kitambaa safi. Kifuniko kibadilishwe kila siku, au mara kinapolowa.

Maji yenyewe ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi katika kaunti hizi. Maji yanayofaa kunywewa yanafaa kuoshea jeraha. Ya ziwa hayafai yakiwa mabichi, hata yakionekana maangavu. Anayejikata akipara samaki ufuoni Mbita au Sindo asiridhike na kuchovya mkono ziwani, kwa kuwa maji hayo yana viini vinavyoweza kuingia kwenye jeraha. Maji ya ziwa, mto au kisima yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, yaachwe yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa, ndipo yatumike.

Je, dawa ya chupa haina kazi? Inayo, ila ni baada ya kuosha, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kwa Dettol ya maji, kipimo cha majeraha ni mililita 20 katika mililita 400 za maji, yaani kijiko kimoja cha chai katika karibu nusu kikombe cha maji. Dawa nyingine zina vipimo vyake, kwa hiyo kipimo cha chupa moja kisitumiwe kwa nyingine. Nyumba isiyo na dawa hiyo haijapungukiwa na kitu, mradi ina maji safi na sabuni.

Kuna jambo moja ambalo sabuni haiwezi kulimaliza, wala dawa ya chupa: pepopunda. Mbegu za kiini chake huishi kwenye udongo na samadi, na kinga ya kuaminika ni chanjo. Aliyeumizwa na kitu chenye udongo au kutu, na ambaye hajachanjwa kwa miaka mitano au hakumbuki alichanjwa lini, aende zahanati siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Maumivu ya goti la mtoto wetu yanapaswa kupungua kila siku inayopita. Maumivu yakizidi baada ya siku ya pili, sehemu ikawa ya moto, ikavimba au ikatoa usaha, au homa ikaanza, jeraha limeingiwa na viini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane vizuri, hivyo joto na uvimbe vipimwe kwa mgongo wa mkono. Hapo dawa zaidi ya chupa haitasaidia. Apelekwe kituo cha afya. Mwenye kisukari asingoje dalili hizo.

Jeraha lenye kina, au lisiloacha kutoka damu baada ya kubanwa kwa dakika kumi, si la kutibiwa nyumbani. Palipoumwa na mbwa paoshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha safari ya hospitali ianze mara moja.