SOMO: BAISIKELI ISIYOSAFIRI, NA NAMNA YA KUIENDESHA DAKIKA 30

Pengine umeona baisikeli iliyosimamishwa juu ya miguu ya chuma, katika chumba cha mazoezi cha hospitali ama nyumbani mwa mtu. Gurudumu lake lazunguka, lakini haisafiri. Watu wengi huipanda, hukanyaga kwa nguvu dakika sita ama saba, kisha hushuka wakihema, wakasema, "Kazi hii si yangu." Kosa si la miguu yao. Hawakujua kupatanisha mambo mawili: uzito wa pedali na wepesi wa kukanyaga. Katika somo hili tutajifunza kuyapatanisha, ili mtu wa kawaida aweze kumaliza dakika 30 bila kuchoka sana.

1. Uzito na wepesi

Karibu na usukani kuna kifundo cha kuzungusha. Ukikikaza, kitambaa kigumu ama sumaku hulizuia gurudumu, na pedali huwa nzito. Ukikilegeza, pedali huwa nyepesi. Huo ndio uzito.

Wepesi ni hesabu ya mizunguko ya pedali katika dakika moja. Baisikeli nyingine huionyesha penye kioo chake kwa herufi RPM. Kama yako haina kioo, tumia saa. Hesabu mguu wako wa kuume ufikapo chini mara ngapi katika sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 16, wepesi wako ni 64.

Kazi ya mwili hutoka katika mambo hayo mawili pamoja. Tuseme uzito ni 10 na wepesi ni 60: 10 mara 60 ni 600. Sasa tuseme uzito ni 12 na wepesi ni 50: 12 mara 50 ni 600 vilevile. Kazi ni ileile, walakini magoti hayaioni kuwa ileile, maana katika njia ya pili kila mkanyago unasukumwa kwa nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo, anayeanza apunguze uzito na kushika wepesi wa 60 hata 70. Akiisha kuzoea, anaweza kufika 80.

2. Kwanza tengeneza kiti

Kaa juu ya kiti, weka kisigino chako juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyoke. Kisha usogeze mguu nyuma, hata sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikae juu ya pedali: sasa goti litakunjika kidogo tu. Hapo kiti ni sawasawa. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjika sana, na maumivu huja mbele ya goti. Kiti kikiwa juu mno, kiuno huyumba kuume na kushoto kwa kuitafuta pedali.

3. Namna ya kujua uzito ufaao

Usiulize jirani yako anatumia namba gani. Namba 4 ya mashine moja si namba 4 ya mashine nyingine. Tena kitambaa kikichakaa, hata mashine ileile hubadilika. Kipimo chako ni kinywa chako. Unapokanyaga, sema maneno kumi ama zaidi mfululizo. Ukiweza kuyasema bila kukatika pumzi, lakini huwezi kuimba wimbo vizuri, uzito unafaa. Ukiweza kuimba ubeti mzima bila taabu, ongeza kidogo. Ukisema maneno matatu na kuvuta pumzi, punguza mara moja.

Kipimo hiki ni chema hasa kwa mtu anayemeza dawa za kupunguza mwendo wa moyo, maana mapigo yake hayapandi kama ya watu wengine, na kuyahesabu kungemdanganya.

Mwili nao unatoa alama zake. Uzito ukizidi, wepesi hushuka chini ya 50, mabega hutikisika, na mikono huukamata usukani kwa nguvu. Uzito ukipungua mno, gurudumu ndilo linaloichukua miguu, na matako hurukaruka juu ya kiti.

4. Mfano

Tumfikiri mama mmoja karani, mwenye miaka 48, ambaye hukaa mezani siku nzima. Mashine yake ina namba 1 hata 8. Dakika 5 za kwanza anakanyaga kwa namba 1, ili miguu ipate joto. Anahesabu mikanyago 16 katika sekunde 15, yaani 64. Kisha anaweka namba 2, na dakika ya 8 anaweka namba 3. Anahesabu 17, yaani 68, naye anasema maneno yake vizuri.

Dakika ya 18 anahesabu tena: 14 tu, yaani 56, na maneno yanakatika. Afanye nini? Asijikaze kurudisha wepesi kwa uzito uleule. Arudi namba 2. Baada ya muda mfupi anahesabu 17 tena, na pumzi inatulia. Anaendelea hivyo hata dakika ya 25, kisha anaweka namba 1 na kukanyaga polepole hata dakika ya 30.

Kwa nini namba 3 ilifaa dakika ya 8 na kushinda nguvu dakika ya 18? Chumbani hakuna upepo wa njiani wa kukausha jasho. Joto la mwili hupanda, na moyo hupiga upesi zaidi ingawa kazi haikuongezeka. Basi afungue madirisha na kuweka maji karibu. Siku nyingine aanze dakika 20 za katikati kwa namba 2 zote. Akizimaliza vizuri mara tatu, aweke namba 3 kwa dakika 5 za mwisho wa hizo 20, na kuongeza dakika hizo kidogokidogo. Asiongeze uzito na wepesi siku moja.

5. Mwisho wa safari

Usisimame ghafula. Damu nyingi imo miguuni, na miguu ikiacha kuisukuma, kichwa huzunguka. Ndiyo sababu ya dakika 5 za polepole. Tena baisikeli nyingine zina gurudumu zito linaloendelea kuzungusha pedali hata ukiacha kukanyaga. Usitoe mguu kabla halijasimama.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu ama jasho la baridi, acha kukanyaga siku hiyo na kumwona mganga upesi. Na mwenye ugonjwa wa moyo amwulize mganga kabla ya kuanza.

Dakika 30 kwa siku tano za juma ni dakika 150. Ndicho kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani liliwawekea watu wazima katika maagizo yake ya mwaka 2020, kwa kazi ya mwili ya kadiri.

Maswali

1. Umehesabu mikanyago 13 katika sekunde 15. Wepesi wako ni ngapi, nawe utafanya nini na kifundo?
2. Kwa nini 12 mara 50 huyachosha magoti kuliko 10 mara 60?
3. Utajuaje kwa kinywa chako kwamba uzito unafaa?