Buprenofini Haimezwi: Maswali ya Dirishani

Methadoni ni dawa ya kunywa. Unapewa kikombe dirishani, unapiga funda mbele ya nesi, unaondoka. Ndiyo maana mtu aliyezoea kikombe, akihamishiwa buprenofini katika kliniki za Pwani ya Kenya, mara nyingi huanza vibaya. Kidonge anakiweka chini ya ulimi kama alivyoelekezwa, mate yanajaa, anayameza, na dawa inashuka nayo.

Nikiimeza kuna ubaya gani, si itafika tu?

Itafika tumboni, lakini haitafika kwenye damu kama inavyotakiwa. Dawa inayopita tumboni hupelekwa kwanza kwenye ini, na ini huivunjavunja buprenofini kabla haijafanya kazi. Ngozi ya chini ya ulimi ni nyembamba na ina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo dawa hupenya hapo moja kwa moja na kulikwepa ini. Kidonge cha miligramu 8 kikiyeyuka vizuri, karibu theluthi yake huingia kwenye damu. Ukikimeza, huingia sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Umepewa miligramu 8, lakini mwili umepokea kama uliopewa 3.

Kinachukua muda gani kuyeyuka?

Kwa kawaida dakika 5 hadi 10. Mdomo mkavu huchelewesha, na mvuta sigara au mla miraa mara nyingi huja na mdomo mkavu. Kunywa maji kidogo kabla ya kukiweka. Kama dozi yako ni vidonge viwili, weka kimoja kushoto na kingine kulia, visilaliane. Baada ya hapo nyamaza: usitafune, usikimung'unye kama peremende, usipige gumzo, kwa sababu ulimi ukicheza mate huzidi na koo humeza bila kukuuliza. Mate kidogo yakikuponyoka, usitishike. Mengi yaache yatulie chini ya ulimi mpaka usihisi tena chembechembe. Wengine huinamisha kichwa kidogo mbele, na inasaidia.

Nimeshakimeza kizima. Niongeze kingine?

Hapana. Mwambie nesi, yeye ndiye ataamua. Shida kubwa zaidi ni ya anayemeza kila siku bila kujua. Tuseme mtu yuko kwenye miligramu 16, anakunywa dozi asubuhi, halafu usiku arosto inaanza: miayo, makamasi, jasho la baridi, malaika kusimama, tumbo kukata. Analalamika kwamba dawa haina nguvu, na ni rahisi kumpandishia dozi. Kwa maoni yangu, kabla ya kupandisha, mtu huyo aombwe aweke vidonge vyake mbele ya nesi na afungue mdomo baada ya dakika tano. Ikionekana vimekwisha mapema mno na ulimi unacheza, tatizo limepatikana.

Chai ninywe lini?

Usile wala usinywe chochote mpaka kidonge kiishe kabisa. Hilo ndilo sharti la dawa yenyewe. Kliniki nyingi huongeza dakika 15 hadi 30 za kusubiri, ili mabaki yaliyoganda chini ya ulimi yapate nafasi ya kupenya. Sigara nayo isubiri, kwani hubana mishipa ya damu ya mdomoni.

Muda huo ukiisha, piga funda kubwa la maji, sukutua taratibu kuzunguka meno na fizi, kisha meza. Hapa kumeza hakuna neno, dawa imeshaingia. Lakini mswaki usubiri angalau saa nzima. Mwezi Januari 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba buprenofini za kuyeyusha mdomoni zinaweza kuozesha meno, hata kwa watu ambao hawakuwa na shida ya meno hapo awali. Dawa ina asidi, na kusugua jino mara tu baada ya asidi ni kulikwangua. Mamlaka hiyo haikusema watu waache dawa.

Kwa saa: ukikiweka saa mbili kamili asubuhi, saa mbili na dakika kumi kimeisha. Saa mbili na nusu unasukutua na kunywa chai. Mswaki, baada ya saa tatu na nusu.

Na Ramadhani?

Buprenofini hukaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hiyo dozi inaweza kuhamishiwa usiku. Panga na kliniki kabla ya mwezi kuanza, usijiamulie mwenyewe. Usiku mambo hugeuka: unafuturu kwanza, unasafisha mdomo, ndipo unaweka kidonge. Ukipewa dozi ya nyumbani, ifungie. Mtoto akikinyonya kidonge kimoja tu anaweza kuacha kupumua, na naye anapaswa kukimbizwa hospitali hata kama bado anacheza.