Dondoo muhimu: Mlango upi wa kubisha

Wazazi waheshimiwa, mtoto akiamka na homa, tafadhalini pigeni simu ya mahudhurio kabla daftari la asubuhi halijafungwa, mkitaja jina lake kamili, darasa na maradhi yenyewe, kwani “hajisikii vizuri” haitutoshi kuamua kama udhuru wakubalika. Na ujumbe wa kundi la Watsapu, kama ule wa juzi uliosomwa na kina mama kumi na mmoja pasi na karani hata mmoja, hatuuhesabu kuwa taarifa.

Habari za ada (chakula cha mchana katika shule za msingi za serikali za London ni bure tangu Septemba 2023, basi yabakiayo ni safari na klabu ya jioni) ziandikieni barua pepe, mkiambatisha stakabadhi. Ama la dharura, mathalani mchukuaji wa mtoto amebadilika saa nane na nusu mchana, msiliandike kabisa: pigeni simu ya ofisi hadi mtu aitike.