Hisa bila mpunga haina gawio

Tangu mavuno yaanze Ahero na Kano Magharibi, barua zimenijia mfululizo kutoka kwa wanachama wapya wa vyama vya ushirika vya mpunga. Kilio ni kimoja: "Nimelipa hisa, faida yangu iko wapi?" Kwa kuwa wengi wenu mnajiandaa kwa mkutano mkuu wenu wa kwanza, tusemezane kabla hamjaingia ukumbini.

Tuseme ulilipa hisa za shilingi elfu tano. Pesa hizo si akiba. Ni mtaji. Ndizo zinazonunua mizani na magunia, na kumlipa mkulima huku kinu kikiwa bado hakijatuma pesa. Ndiyo sababu huwezi kuja Januari, shule zikifunguliwa, ukadai urudishiwe. Ukijitoa, kwa kawaida hisa humhamia mwanachama mwingine, na ukifariki humwendea uliyemwandikisha. Hakikisha jina hilo limo kwenye daftari la katibu, maana familia nyingi huhangaika kwa sababu ya mstari mmoja ulioachwa wazi.

Sasa gawio. Tuchukue chama cha mfano chenye hisa za jumla ya shilingi milioni 1. Kimeuza mpunga kilo 220,000, na baada ya kulipa wakulima, usafiri na mishahara, kimebaki na ziada ya shilingi 400,000. Tuseme 100,000 zinaingia kwenye mfuko wa akiba ya chama. Mkutano unapitisha gawio la asilimia 8 ya hisa, yaani shilingi 80,000, na 220,000 zilizosalia zinalipwa kama bonasi: shilingi 1 kwa kila kilo iliyopelekwa.

Mama mwenye hisa za 5,000 aliyepeleka kilo 3,000 atapata gawio la 400 na bonasi ya 3,000. Mzee mwenye hisa za 20,000 ambaye hakuleta hata debe moja ataondoka na 1,600. Pesa hutoka kwenye mpunga uliopita kwenye mizani. Hisa inakupa mlango tu.

Hapa ndipo penye ugonjwa ninaouona kila msimu. Mwanachama analipa hisa, kisha mavuno yote anamuuzia broka kando ya mfereji, halafu anarudi mkutanoni kupiga kelele kwamba gawio ni dogo. Broka kamwongezea bei, ndiyo, tuseme 53 kwa kilo wakati chama kinalipa 50. Lakini gunia analolihesabu kuwa kilo 80 limeshindiliwa na kushonewa kilemba, lumbesa ile ile mnayoijua, na ndani mna kilo 88. Anakulipa 4,240. Kwenye mizani ya chama, kilo hizo hizo zingekulipa 4,400, na bonasi juu yake. Wenye haraka ya pesa taslimu mmeuza hasara mkadhani ni faida.

Jambo la tatu ni kura. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa 50 au 500. Tena mtu mmoja haruhusiwi kumiliki zaidi ya moja kwa tano ya hisa zote za chama. Kwa hiyo tajiri hawezi kukinunua chama kwa hisa. Anachoweza kufanya, na ambacho mabroka wanakifanya, ni kuwalipia jamaa zake ada ya kujiunga wiki chache kabla ya uchaguzi wa kamati, kisha kuwaletea soda na gari la kuwabeba. Kinga yake imo kwenye sheria ndogo za chama: someni zinasema mwanachama awe amepeleka mazao kiasi gani ndipo apige kura. Kama hazisemi, pendekezeni mabadiliko. Na nyote fikeni wenyewe, kwani asiyefika amemwachia broka achague.

Mwisho, msishangilie gawio kubwa kabla ya kuiona hesabu iliyokaguliwa. Gawio halali hutoka kwenye ziada. Kama chama bado kinadaiwa malipo ya mpunga wa wakulima, na huku kamati inatangaza asilimia 15, ulizeni mwekahazina pesa hizo zinatoka akaunti gani. Akijibu kwa mkopo au kwa mfuko wa akiba, mnakula mbegu. Ulizeni pia chama kinaombewa ruhusa ya kukopa hadi kiasi gani mwaka huu, maana kikomo hicho hupitishwa na ninyi, na mkikinyamazia mmekipitisha.

Nendeni na kitabu chenu cha hisa na risiti za mizani. Bila risiti, bonasi yako haina ushahidi.