Sindano ya Kuku, Joto la Mwili na Yai Bichi: Maswali Kutoka Karatu na Ngorongoro

*Afisa mifugo anajibu*

Nauza chipsi mayai hapa Karatu mjini. Wateja wanasema kuku wa kisasa hudungwa homoni ndiyo maana wanataga kila siku. Ni kweli?

Hapana, mama. Yai moja huchukua saa 25 hivi kukamilika tumboni mwa kuku, na karibu 20 kati ya hizo ni za kutengeneza ganda. Kuku wa kisasa anataga mfululizo kwa sababu wazazi wake walichaguliwa kwa utagaji kizazi baada ya kizazi, kisha analishwa chakula chenye protini na chokaa ya kutosha. Mwanga nao unamchochea. Mchana wetu huku una saa 12 hivi, kwa hiyo wafugaji wengi huwasha taa jioni ili zifike 14 au 16.

Fikiria mfugaji wa kuku 500 anayeokota trei 15 kwa siku. Homoni za aina hii ni protini; akizichanganya kwenye chakula, tumbo la kuku linazisaga kama linavyosaga dagaa. Ingembidi amkamate kila kuku na kumdunga mara kwa mara. Kuku anayekimbizwa na kushikwashikwa hupunguza kutaga, basi angelipia dawa na mayai akayakosa.

Sindano ambayo watu wameiona ipo kweli. Ni ya chanjo ya ndui: kijisindano chenye ncha mbili kinachochovywa kwenye dawa na kupitishwa kwenye ngozi ya bawa. Ya mdondo mara nyingi ni tone la jicho, na ya gumboro huwekwa kwenye maji. Hizo ni kinga, hazimsukumi kuku atage.

Kinachonisumbua mimi ni antibayotiki. Kuku wakiugua, mfugaji hununua dawa dukani na kuwanywesha siku kadhaa, na huku trei zinaendelea kwenda sokoni. Mabaki ya dawa huingia kwenye yai, kwa macho huyaoni, na kuchemsha hakuyaondoi yote. Kila dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, na nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wa mayai. Muulize anayekuuzia: kuku wako wametibiwa lini, na kwa dawa gani? Anayefuga vizuri ana daftari na atakujibu bila kukasirika.

Bibi anakataza mtoto wangu wa miaka miwili asile mayai, eti yanaleta joto mwilini. Tuko Endulen.

Mpe shikamoo yangu bibi. Ni kweli kwamba mwili hutoa joto kidogo unaposaga protini, lakini yai moja lina gramu 6 tu hivi, na joto hilo halisogezi kipimajoto. Mtoto akichemka baada ya kula yai, homa ilikuwa njiani tayari: mpeleke kituo cha afya apimwe, hasa malaria na nimonia. Akitoka vipele, akivimba midomo au akitapika muda mfupi baada ya kula, huo unaweza kuwa mzio, na hapo yai lisimamishwe mpaka aonwe na daktari. Asiye na dalili hizo ale, ila liive vizuri.

Naimba kwaya Rhotia. Koo likikauka nakunywa yai bichi na asali kabla ya ibada. Linasaidia?

Ute wa yai unateleza na koo linahisi laini kwa dakika chache. Lakini chakula hupita njia yake na sauti hutoka kwenye njia ya hewa, kwa hiyo yai halizigusi nyuzi za sauti. Hata lishe unaipoteza: mwili hunyonya takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililoiva, na nusu tu ya lile bichi.

Hatari yake ni salmonela. Bakteria huyu anaweza kukaa kwenye ovari ya kuku na kuingia ndani ya yai kabla ganda halijafunga, basi kuliosha hakusaidii, na asali au limau haimuui. Tumia asali kwenye maji ya uvuguvugu, na sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji. Koo linalouma pamoja na homa kali, hasa kwa mtoto, lionwe zahanati: aina moja ya maambukizi hayo isipotibiwa huweza kuharibu moyo.

Ni mpishi wa kambi. Nikichemsha mayai Karatu yanaiva, lakini juu ukingoni mwa kreta, kwa dakika zilezile, kiini kinabaki kibichi. Si dawa walizopewa kuku hizo?

Ni mwinuko, kaka. Ukingo uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu nyuzi 92 badala ya 100. Karatu ni kama 95. Kuongeza kuni hakutayapandisha zaidi ya hapo. Yatakauka haraka tu. Funika sufuria, ongeza dakika mbili tatu, kisha pasua yai moja kabla ya kufunga vyakula vya wageni. Kiini kikiwa kimeshikana hadi katikati, mengine yaliyolingana nalo ukubwa yameiva pia.