Mkulima ni Wangapi? Kuunganisha Majibu ya Dodoso Kabla ya Kuhesabu

Wenzangu wa elimu mnajua swali hili lilivyo maarufu kwenye madodoso yetu: "Mzazi au mlezi wako anafanya kazi gani?" Halafu panaachwa mstari mtupu wa kujazia. Ukiyapeleka madodoso hayo Kashai, pale Manispaa ya Bukoba, mwanafunzi mmoja ataandika "bodaboda", wa pili "pikipiki" na wa tatu "dereva wa pikipiki". Wote watatu wana baba anayeegesha kijiwe kimoja. Kwa binadamu hiyo ni kazi moja. Kwa kompyuta ni kazi tatu.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko nilisaidia kuingiza majibu ya namna hii. Hapa nimetunga karatasi 60 za mfano, zenye sura ya majibu niliyoyaona, ili hesabu ifuatike kwa kalamu tu. Swali lililoko mezani ni la kamati ya shule: mchango wa chakula cha mchana ukusanywe vipi? Kama wazazi wengi ni wakulima, inaeleweka kuomba mahindi na maharage baada ya mavuno. Kama wengi wanapata hela ya siku kwa siku, ni afadhali kupokea fedha kidogo kidogo. Ukikosea hapo, kuna mtoto atakayeandikwa mdaiwa wa debe la mahindi wakati kwao hawalimi chochote.

Tukihesabu majibu kama yalivyoandikwa, tunapata hivi: mkulima 11, "mkulima" mwingine 2, ambaye nitamweleza, kilimo 2, kibanja 1, bodaboda 6, boda boda 3, pikipiki 3, dereva wa pikipiki 2, mama lishe 4, mama ntilie 3, biashara ndogo ndogo 4, machinga 3, anauza genge 2, mwalimu 4, nesi 2, mtumishi wa serikali 2, mjasiriamali 5, na "mkulima na biashara" 1. Majina 18, karatasi 60. Mkulima anaongoza, na anayemfuata ana 6 tu, karibu nusu yake. Mtu mwenye haraka angeandika "wazazi wengi ni wakulima" na kufunga ripoti.

Tuanze na yule mkulima wa pili. Kwa macho hana tofauti yoyote na wa kwanza, ila aliyechapa alibonyeza nafasi moja baada ya herufi ya mwisho. Excel haijali sana herufi kubwa na ndogo inapohesabu kwa COUNTIF, hivyo "Mkulima" na "mkulima" huenda pamoja. Nafasi iliyobaki mwishoni ndiyo inayowatenganisha. Kwa hiyo acha safu ya majibu ya asili, tuseme A, bila kuigusa kabisa, na katika safu B weka:

```
=TRIM(LOWER(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")))
```

TRIM huondoa nafasi za ziada, lakini haiondoi ile nafasi ya pekee inayokuja ukinakili maandishi kutoka kwenye ukurasa wa mtandao. SUBSTITUTE iko hapo kwa ajili hiyo: inaigeuza iwe nafasi ya kawaida kwanza. LOWER ni tahadhari tu, maana ukija kuhamia programu nyingine huenda herufi kubwa zikahesabiwa tofauti.

Baada ya hapo majina yamebaki 17, na kazi ya mashine imeishia hapo. Hakuna fomula itakayojua kwamba mama lishe na mama ntilie ni mama mmoja na sufuria zake zilezile. Hiyo ni kazi yako, na sehemu ya kuifanyia si kwenye majibu yenyewe kwa kufuta na kuandika upya. Fungua karatasi nyingine, iite Orodha. Upande wa kushoto andika kila jina lililojitokeza, mara moja tu. Upande wa kulia andika kundi lake. Kisha katika safu C ya majibu:

```
=VLOOKUP(B2,Orodha!A:B,2,FALSE)
```

Jina ambalo hukulipangia kundi litatoka #N/A, na hilo ni jambo jema, kwa sababu linakuonyesha ulichosahau. Na msimamizi wako akiuliza kwa nini "kibanja" umekiweka kwenye kilimo, unamfungulia Orodha, anasoma mstari mmoja, mnajadiliana. Ukiwa ulibadilisha majibu ya asili, hakuna cha kumwonyesha.

Sasa makundi yenyewe. Hapa watu hukimbilia kuazima. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina mfumo wake wa kupanga kazi, TASCO, na Shirika la Kazi Duniani lina ISCO, ambao toleo lake la 2008 lina makundi makubwa 10. Ni mifumo mizuri, na kwa utafiti wa ajira ningeitumia bila ubishi. Lakini ISCO inapanga watu kwa aina ya kazi na ujuzi: mwendesha pikipiki yuko kundi la 8, pamoja na waendesha mitambo, na mwuza genge yuko kwingine kabisa. Kamati yetu haiulizi ujuzi, inauliza hela inaingia lini. Kwa swali hilo bodaboda, mama lishe na machinga ni kundi moja, la kipato cha kila siku. Mwalimu, nesi na mtumishi wa serikali wanakaa pamoja kwenye mshahara wa mwezi, ingawa "mtumishi wa serikali" hajataja kazi, ametaja mwajiri.

Hesabu upya. Kilimo: 11 na 2 na 2 na 1, jumla 16. Kipato cha siku: bodaboda wote 14, mama lishe 7, biashara ndogo 9, jumla 30. Mshahara: 8. Hapo tuna 54. Yule mkulima aliyekuwa anaongoza sasa ana karibu nusu ya kundi lililokuwa limesambaa katika majina tisa.

Wamebaki 6. "Mjasiriamali" watano ni kichwa cha maumivu, maana siku hizi neno hilo linabeba kila mtu, kuanzia mwenye duka la jumla hadi mwenye beseni la dagaa. Na yuko mmoja mwenye kazi mbili. Kishawishi ni kuwatupa wote kwenye biashara ndogo ili jedwali lipendeze. Mimi ningewapa kundi lao, "haijulikani", kisha nijaribu pande zote mbili. Wote sita wakiwa wa kipato cha siku, kundi hilo linafika 36. Wote wakiwa wakulima, kilimo kinafika 22, na bado 30 ni zaidi. Jibu la kamati halibadiliki hata kidogo, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Lingebadilika, ingebidi kurudi darasani na kuuliza, "mjasiriamali wa nini?"

Jumla baada ya kuunganisha ni 16, 30, 8 na 6, yaani 60, sawa na karatasi tulizoanza nazo. Ikitoka 59, kuna jina limeanguka njiani. Ikitoka 61, yule wa kazi mbili amehesabiwa mara mbili.

Liko jambo moja ambalo Orodha haiwezi kulitibu. Bukoba mtu anaweza kukaa mjini, akaendesha pikipiki siku sita, na bado mwanae akaandika "mkulima" kwa sababu familia ina kibanja Muleba. Hajadanganya. Ila karatasi haionyeshi ni yupi kati ya wale 16 anaishi kwa shamba. Kwa dodoso lijalo ningebadilisha swali lenyewe: "Hela ya matumizi nyumbani inapatikana kila siku, kila mwezi, au wakati wa mavuno?" Halafu mstari mtupu wa kazi ubaki chini yake.